Taa Inayowaka Mara Moja kati ya Kumi na Sita

Juu ya ubao wa majaribio zimepangwa chipu tatu nyeusi, kila moja na miguu 14. Ya kwanza imeandikwa 74HC08, ya pili 74HC32, ya tatu 74HC04. Kushoto kuna swichi nne zenye herufi A, B, C na D. Kulia kuna taa moja ndogo nyekundu, na katikati nyaya zimepishana huku na huko. Swali linalomkabili mwanafunzi wa elektroniki ni fupi: swichi zipi ziwashwe na zipi zizimwe ili taa iwake?

Swichi nne zina mipangilio 16. Katika saketi hii, mipangilio 15 inaiacha taa gizani na mmoja tu ndio unaoiwasha. Anayebonyeza ovyo anaweza kuupata mara ya kwanza, au akaupata mwisho kabisa baada ya kupoteza hesabu ya aliyokwisha kujaribu. Ipo njia nyingine, nayo haihitaji kugusa swichi hata moja: kuanza kwenye taa na kusoma nyaya kurudi nyuma, geti baada ya geti, mpaka kufika kwenye swichi.

Ndani ya kila chipu mna mageti ya mantiki, na hapa yako ya aina tatu tu. Geti la NA linatoa 1 pale tu viingizo vyake vyote viwili vinapokuwa 1. Geti la AU linatoa 1 iwapo angalau kiingizo kimoja ni 1. Geti la SI lina kiingizo kimoja na kazi yake ni kugeuza: likipewa 1 linatoa 0, likipewa 0 linatoa 1. Hiyo 1 ni volti inayokaribia 5 za betri au chaja, na 0 ni volti inayokaribia sifuri. Chipu ya 74HC08 imebeba mageti manne ya NA, 74HC32 manne ya AU, na 74HC04 sita ya SI.

Aliyeonyesha kwa ukamilifu kwamba waya na swichi vinaweza kufuata sheria za mantiki alikuwa Claude Shannon, kijana wa miaka 21, katika tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1937 kwenye Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts. Swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, umeme hupita zikifungwa zote mbili: hiyo ni NA. Zikiwa kwenye nyaya mbili zinazokwenda sambamba, umeme hupita ikifungwa yoyote: hiyo ni AU. Hesabu yenyewe ilikuwapo tangu katikati ya karne ya 19, kazi ya Mwingereza George Boole, ambaye hakuwa na saketi yoyote akilini. Shannon aliona kwamba hesabu ile na nyaya za simu za siku zake ni kitu kimoja.

Turudi kwenye ubao. Nyaya zilizopishana zinatisha machoni, lakini zikipewa majina na kuandikwa moja moja zinatulia. Saketi yetu yote ni hii:

```
W1 = A AU B
W2 = SI A
W3 = W2 AU C
W4 = B AU D
W5 = C NA W4
W6 = SI W5
W7 = W1 NA W3
W8 = W6 NA D
Z  = W7 NA W8
```

W1 hadi W8 ni nyaya za ndani, na Z ni waya unaokwenda kwenye taa. Kila mstari ni geti moja, hivyo jumla ni mageti tisa: manne ya NA, matatu ya AU na mawili ya SI. Orodha kama hii ndiyo hatua ya kwanza ya kusoma mtandao wowote. Anayejaribu kuufuata kwa kidole kwenye mchoro bila kuzipa nyaya majina atapotea mara tu waya mmoja utakapogawanyika kwenda sehemu mbili. Na hapa nyaya zote nne za swichi zinagawanyika: A inaingia kwenye W1 na W2, B kwenye W1 na W4, C kwenye W3 na W5, D kwenye W4 na W8. Jambo hilo la kugawanyika likumbukwe, kwa maana ugumu wote unatokana nalo.

Njia inayofundishwa kwanza shuleni ni jedwali la ukweli: unaandika mipangilio yote 16, kisha kwa kila mmoja unakokotoa mageti tisa. Hiyo ni hesabu ndogo ndogo 144. Si njia mbaya, maana haikosi jibu lililopo. Ubaya wake ni kwamba haimwambii mtu kwa nini jibu ni lile, na swichi ikiongezwa moja tu, jedwali linakuwa refu maradufu.

Kusoma kurudi nyuma kunategemea jambo moja: kujua ni lini geti linakulazimisha na ni lini linakupa hiari. Ukitaka geti la NA litoe 1, huna hiari. Viingizo vyote viwili lazima viwe 1. Ukitaka geti la AU litoe 0, pia huna hiari. Vyote viwili lazima viwe 0. Geti la SI halina hiari kamwe. Hiari inajitokeza mahali pawili tu. Ukitaka NA itoe 0, yatosha kiingizo kimoja kiwe 0, na ni juu yako kuchagua kipi. Ukitaka AU itoe 1, yatosha kimoja kiwe 1, na tena ni juu yako.

Fundi mwenye uzoefu hufanya kila lililo la lazima kwanza na kuiahirisha hiari mpaka isiahirishike tena. Mara nyingi, ukiwa bado unaahirisha, lazima nyingine huja na kukuamulia.

Tuifuate kazi yenyewe. Taa iwake, yaani Z iwe 1. Z inatoka kwenye geti la NA, kwa hiyo W7 ni 1 na W8 ni 1, bila mjadala. W8 nayo inatoka kwenye NA, basi W6 ni 1 na D ni 1. Tayari swichi moja imepatikana: D iwashwe. W6 ni mgeuzo wa W5, kwa hiyo W5 ni 0.

Hapa W5 inatoka kwenye NA, nasi tunataka 0. Ni mahali pa hiari: ama C iwe 0, ama W4 iwe 0. Msomaji mwenye haraka angechagua. Mwenye subira anatazama kwanza alichokwisha kukijua, naye anajua D ni 1. D inaingia kwenye W4 kupitia geti la AU, na AU ikipata 1 upande mmoja haijali upande wa pili. Basi W4 ni 1. Hiari imefutika, kwa sababu kama W4 ni 1 na W5 ni 0, lazima C iwe 0.

Tunageukia W7, ambayo ni 1. Ni NA, hivyo W1 ni 1 na W3 ni 1. W3 ni AU ya W2 na C. C tumeikuta ni 0, kwa hiyo mzigo wote unaangukia W2, ambayo lazima iwe 1. W2 ni mgeuzo wa A, basi A ni 0. Imebaki W1, AU ya A na B, nayo inatakiwa iwe 1. A ni 0, kwa hiyo B ni 1.

Jibu: A izimwe, B iwashwe, C izimwe, D iwashwe. Kwa tarakimu, 0101.

Kabla ya kuliamini, lipitishwe upya kwa kwenda mbele, maana mkono uliokuwa ukiandika nyuma huweza kuteleza. Kwa 0101, W1 ni 1, W2 ni 1, W3 ni 1, W4 ni 1, W5 ni 0, W6 ni 1, W7 ni 1, W8 ni 1, na Z ni 1. Ukaguzi huu huchukua nusu dakika, na haupaswi kurukwa. Kulitafuta jibu kunaweza kuwa kazi ngumu, ila kulikagua ni kazi nyepesi siku zote, na tofauti hiyo itarudi tukifika kwenye saketi kubwa.

Upo uzuri mwingine katika safari hiyo. Hatukuchagua hata mara moja. Kila hatua ililazimishwa na iliyoitangulia, na kwa sababu hiyo tumethibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba 0101 inawasha taa, na kwamba hakuna mpangilio mwingine unaoiwasha. Jedwali lingehitaji mistari yote 16 ili kusema hivyo.

Sasa tumtazame anayechagua mapema. Ameanza vizuri, amejua W7 na W8 ni 1, lakini akaingia upande wa W7 kwanza. W1 inatakiwa iwe 1, naye anachagua A iwe 1, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa mwanzo. Basi W2 inakuwa 0, na ili W3 iwe 1 inabidi C iwe 1. Anakwenda kwenye W8: W6 ni 1, W5 ni 0. C ni 1, kwa hiyo W4 lazima iwe 0. W4 ni AU, na AU ikitakiwa itoe 0 ni lazima B iwe 0 na D iwe 0. Lakini W8 inadai D iwe 1. Swichi moja haiwezi kuwa imewashwa na kuzimwa kwa wakati mmoja.

Amegota. Makosa ya wanafunzi wengi hutokea hapahapa, wala si katika kugota kwenyewe. Wapo wanaotangaza kwamba taa haiwezi kuwaka kabisa. Tangazo hilo halina msingi, kwa sababu kilichoshindikana ni A ikiwa 1 tu. Wapo wengine wanaobadilisha jambo la karibu, tuseme D, bila kurudi kwenye uamuzi uliozaa mgongano. Utaratibu sahihi ni kurudi hadi mahali pa mwisho ulipochagua kwa hiari, kufuta kila kilichofuata baada ya hapo, kisha kuchukua njia ya pili. Ndiyo maana inafaa kuandika kwa penseli na kuzungushia duara kila chaguo la hiari. Yasiyo na duara yalilazimishwa na yatafutika pamoja na chaguo lililoyazaa.

Mgongano huo usingetokea kama kila swichi ingeingia kwenye geti moja tu na kila waya wa ndani ungekwenda mahali pamoja tu. Katika mtandao wa namna hiyo, kila geti linaweza kupewa kinachotakiwa bila kumsumbua jirani yake. Popote unapochagua, chaguo lako linafika kwenye swichi ambazo hakuna mwingine anayezidai, na jibu lipo daima, iwe unataka 1 au 0. Waya unapogawanyika ndipo mageti mawili yanapoweza kuidai swichi ileile vitu viwili tofauti. Kwa hiyo mtu akipewa mtandao mpya na kutaka kujua utamsumbua kiasi gani, asihesabu mageti. Atafute nyaya zilizogawanyika ambazo matawi yake yanakutana tena mbele. Katika saketi yetu, D inakwenda W8 moja kwa moja, na pia inazunguka kupitia W4, W5 na W6 kabla ya kufika W8 hiyohiyo.

Je, kama taa ingetakiwa izimike? Z iwe 0 ni swali la hiari tupu: yatosha W8 iwe 0, na kwa hilo yatosha D iwe 0. A, B na C ziwe vyovyote. Mtu hahitaji kuzitaja. Katika majedwali ya kiwandani kiingizo kisichojali huandikwa X. Jibu linaandikwa XXX0, na mstari huo mmoja umebeba mipangilio minane. Msomaji mzuri wa mtandao haweki 0 au 1 mahali ambapo hakuna aliyemwomba.

Mezani kuna jambo ambalo karatasi haina: umeme halisi, pamoja na visirani vyake. Mwanafunzi ameweka 0101, amekagua hesabu mara mbili, na taa haiwaki. Aanzie wapi?

Aanze kwa kusoma maandishi ya chipu. Mpangilio wa miguu ya 74HC08 na ule wa 74HC32 ni uleule: mguu wa 1 na wa 2 ni viingizo na wa 3 ni tokeo, wa 4 na wa 5 vinaingia na wa 6 unatoa, na upande wa pili vivyo hivyo. Umeme wa volti 5 unaingia mguu wa 14 na hasi mguu wa 7. Maana yake, chipu ya NA ikichomekwa mahali pa chipu ya AU hakuna kinachoungua wala kutoa moshi. Saketi inabadilika maana kimyakimya. Kwetu, W1, W3 na W4 zote zingegeuka kuwa NA. Tusome upya: Z iwe 1, basi W7 ni 1, basi W1 na W3 ni 1. W1 sasa ni A NA B, kwa hiyo A ni 1. W3 sasa ni W2 NA C, kwa hiyo W2 ni 1, kwa hiyo A ni 0. Mgongano, na hatukuchagua popote. Hapa, tofauti na yule aliyegota, tunayo haki ya kusema kwamba taa hiyo haitawaka kwa mpangilio wowote. Hakuna haja ya kubonyeza swichi mara 16 ili kulijua hilo.

Tatizo la pili la kawaida ni mguu unaoning'inia. Swichi ikizimwa bila kuunganishwa na hasi, mguu wa kiingizo hauko kwenye 0, hauko popote. Katika chipu za aina ya 74HC, mguu kama huo huokota chochote kilicho karibu, na dalili yake ni rahisi kuitambua: taa hubadilika mkono unaposogezwa karibu na nyaya. Chipu za zamani za 74LS zenyewe huelekea kuusoma mguu unaoning'inia kama 1, jambo linalomfanya mtu aapishe kwamba swichi yake imezimwa wakati geti linaiona imewashwa. Dawa kwa 74HC ni rizista ya takriban kiloomu 10 kutoka kila kiingizo cha swichi hadi hasi, ili swichi ikiachia, waya uwe na pa kutulia. Miguu ya viingizo vya mageti yasiyotumika, kama geti moja la AU na manne ya SI katika saketi yetu, iunganishwe na hasi pia.

Hayo yakiwa sawa na taa bado haiwaki, ndipo mita inapochukuliwa. Tayari orodha ya matarajio iko mkononi kutokana na ukaguzi wa kwenda mbele: kila waya unajulikana unapaswa kuwa na nini. Mita ianze kwenye Z na kurudi nyuma. Kwa umeme wa volti 5, chipu ya 74HC inahesabu kama 1 volti zinazofika 3.5 na zaidi, na kama 0 zile zisizozidi 1.5. Waya unaosoma volti 2 na kitu, tena mfululizo, ni wa kutiliwa shaka papo hapo; mara nyingi ni mguu usiogusa vizuri au matokeo mawili yaliyounganishwa pamoja kimakosa. Tuseme Z ni 0, W8 ni 1 sawasawa, W7 ni 0 ilhali ilipaswa kuwa 1. Tunafuata W7 tu na kuuacha upande wote wa W8. Tukikuta W1 na W3 zote ni 1 huku W7 ikiwa 0, geti la W7 ndilo lenye kosa, au waya wake.

Viwandani swali hilo huulizwa kwa namna nyingine. Chipu iliyokwisha kufungwa haifunguki ili mita iingizwe ndani; kuna swichi za nje na tokeo la nje, basi. Mwaka 1966 John Paul Roth wa kampuni ya IBM alichapisha utaratibu wa kutafuta viingizo vinavyofichua kosa la ndani kwa kutazama nje tu. Wazo lake ni lile la kusoma kurudi nyuma, ila lina madai mawili kwa mpigo: waya unaoshukiwa upewe thamani iliyo kinyume cha kosa, na njia kutoka kwenye waya huo hadi kwenye tokeo iwe wazi ili tofauti ionekane.

Tuchukue W3 na kudhani imekwama kwenye 1. Ili kulifichua kosa, W3 ingetakiwa kuwa 0 katika saketi nzima. Ni AU, hivyo hakuna hiari: W2 ni 0 na C ni 0, yaani A ni 1 na C ni 0. Njia ya kwenda Z inapita W7, basi W1 lazima iwe 1, la sivyo W7 itakuwa 0 kwa vyovyote; A ni 1, kwa hiyo hilo limetimia. Kisha W8 lazima iwe 1: D iwe 1, na W6 iwe 1, maana yake W5 iwe 0, nayo tayari ni 0 kwa kuwa C ni 0. B haijaombwa na yeyote. Jaribio ni 1X01: saketi nzima inatoa 0, na iliyokwama inatoa 1. Taa ikiwaka kwa mpangilio huo, saketi si nzima.

Tufanye vivyo hivyo kwa W4 iliyokwama kwenye 1. Inabidi W4 iwe 0, basi B ni 0 na D ni 0. Lakini njia ya kwenda Z inapita W8, na W8 inahitaji D iwe 1 ili isifunge njia. Mgongano tena, bila chaguo lolote. Kosa hilo halionekani kamwe kutoka nje. Kwa nini halionekani? Kwa sababu halibadilishi kitu. W4 ikiwa 1 daima, W5 ni C tu, na Z inabaki vilevile kwa mipangilio yote 16. Geti la AU la W4 lipo kwenye ubao, linakula umeme, na halina kazi. Aliyechora saketi hii angeweza kuling'oa na kuunganisha W6 moja kwa moja na mgeuzo wa C. Kosa lisilofichulika humwonyesha mchoraji geti la ziada. Kwa mtazamo wa makala haya, hilo ndilo tunda tamu kuliko yote ya kusoma mtandao kwa lazima na hiari: ulikuwa unatafuta swichi, ukapata geti lisilohitajika.

Yote haya yamewezekana kwa penseli kwa sababu swichi ni nne. Swichi 20 zina mipangilio 1,048,576. Swichi 64 zina mipangilio mingi kiasi kwamba mashine inayojaribu bilioni moja kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 580 kuimaliza. Kusoma kurudi nyuma hupunguza kazi hiyo sana katika saketi nyingi, na programu za kompyuta zinazofanya hivyo zinatumia kanuni zilezile: maliza ya lazima, chagua, ukigota rudi. Martin Davis, George Logemann na Donald Loveland waliuandika utaratibu wa namna hiyo mwaka 1962, na warithi wake wa leo hushughulikia mitandao yenye mamilioni ya nyaya.

Ila hakuna anayejua njia iliyo ya haraka kwa kila mtandao bila kubagua. Mwaka 1971 Stephen Cook, wa Chuo Kikuu cha Toronto, alithibitisha kwamba maswali ya mantiki ya aina hii ni kitovu cha kundi kubwa la maswali ambayo jibu lake hukaguliwa upesi. Njia ya haraka ya kujibu hili ikipatikana, yale mengine yote yatajibika haraka nayo. Kama njia hiyo ipo au haipo ni mojawapo ya maswali saba ambayo Taasisi ya Hisabati ya Clay ilitangaza mwaka 2000 kulipia dola milioni moja kila moja, na hadi sasa halijajibiwa.

Msomaji mwenye penseli asiishie hapo. Aichukue orodha ya mageti tisa, aling'oe geti la SI la W6, na kuunganisha W5 moja kwa moja na W8, ili W8 iwe W5 NA D. Kisha atafute upya mipangilio inayowasha taa, akianza kwenye Z na kuzungushia duara kila chaguo la hiari. Safari hii majibu ni matatu, na katika yote C na D zimewashwa.